Saruji ya Kaburi la Kabungu

Mwanamke aliyeingia dukani asubuhi ile hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtia Leticia hofu. Angepaza sauti, angemjibu kama anavyowajibu wateja wote wanaokuja na hasira, kwa upole na kwa kiti. Lakini huyu alisimama tu mlangoni, kitenge cheusi kimefungwa kiunoni, akasubiri mteja aliyemtangulia amalize kununua misumari. Nje, dereva wa bodaboda alikuwa anafungua kamba za mfuko wa saruji uliokuwa nyuma ya pikipiki.

"Karibu, dada," Leticia akasema.

"Asante. Mimi ni Prisila, natokea Kabungu. Nilinunua saruji hapa wiki iliyopita, ya kujengea kaburi la baba."

Dereva akauingiza mfuko, akaushusha sakafuni. Ulitoa mlio wa jiwe. Leticia aliuinamia na kuubonyeza kwa kidole gumba, kidole hakikuzama hata kidogo. Pembeni ulikuwa umeshapasuliwa, na ndani yake saruji ilikuwa mabonge makubwa ya kijivu, mengine ukubwa wa kichwa cha mtoto.

"Yote iko hivi?"

"Yote sita. Mingine nimeiacha hukohuko, nauli isingetosha kuileta." Prisila alisema akiangalia sakafu. "Jumamosi ndugu walikuja mpaka kutoka Karema. Katekista alikuwepo. Mchanga upo, kokoto zipo, fundi kapima. Kufungua mfuko wa kwanza, mawe. Wa pili, mawe. Fundi akajaribu kuyaponda, akaniambia dada, hii nikikujengea mvua mbili tu inamomonyoka. Basi tukasali, watu wakala, wakaondoka. Baba kabaki na udongo wake."

Leticia alikuwa meneja wa duka lile kwa miaka mingi, na maneno ya kujitetea hayakuwahi kumpungukia. Siku ile hakuyatafuta. Alivuta kiti, Prisila akakikataa.

"Sijaja kugombana, mama. Nimekuja kuwaambia tu, maana msije mkampa na mtu mwingine."

* * *

Leticia alikuja Mpanda akiwa binti wa miaka kumi na tisa, ametoka Usevya na cheti cha kidato cha nne ambacho hakikuwa na alama za kumpeleka popote. Elias alimwajiri kufagia na kuandika risiti. Wakati ule duka la vifaa vya ujenzi la Elias lilikuwa chumba kimoja karibu na soko, chenye mabati machache, misumari, rangi na saruji. Elias ndiye aliyemfundisha kupima nondo kwa jicho, kusoma namba za kiwandani kwenye mfuko, kumjua mteja anayejenga kweli na anayeuliza bei tu. Alipofika miaka thelathini, ameshaachika na ana watoto wawili wa kulea peke yake, Elias alimkabidhi funguo, akamwambia kuanzia leo wewe ndiye meneja, mimi nitakuwa nakuja kunywa chai.

Duka lilikuwa na siri moja tu ya mafanikio, na mji mzima uliijua. Enzi zile barabara ya Tabora ilikuwa udongo mtupu. Mvua zikianza, malori yalizama kwenye tope wiki nzima, na aliyetaka saruji mwezi wa kwanza alingoja hadi mwezi wa tano. Elias alikodi ghala kubwa mtaa wa Nsemulwa. Kiangazi aliagiza mara mbili, na kila mwezi wa kumi, kabla ya mvua, aliita matrela mawili mengine kutoka kwa mwuzaji wa jumla wa Tabora na kulijaza ghala mpaka karibu na paa. Mvua ikifunga njia, mafundi wote wa Mpanda walikuwa wateja wake. Alimwajiri Obadia, Mkonongo mmoja mrefu, mkimya, awe mtunza ghala, na Obadia akaoa, akazaa na kusomesha kwa kazi ile.

Halafu lami ikafika. Lori likawa linatoka Tabora alfajiri, jioni liko Mpanda, mvua inyeshe isinyeshe. Maduka mengine yakafunguliwa. Saruji ikawa inapatikana mwaka mzima, na wakati wa mvua watu hata hawajengi sana. Wanajenga kiangazi, wakishauza mpunga na mahindi. Elias aliliona hilo, akawa anasema mwakani tutabadilisha utaratibu. Mwakani hakufika. Ugonjwa wa figo ulimchukua ndani ya miezi michache, na duka likabaki mikononi mwa mjane wake, Yustina.

Yustina alikuwa mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Karema, mama mwenye sauti ya chini na msimamo wa chuma. Biashara hakuijua na hakujidai kuijua. Alijua jambo moja tu, kwamba mume wake alijaza ghala kila mwezi wa kumi. Kwa hiyo mwaka wa kwanza wa ujane lilijazwa, na wa pili likajazwa. Leticia alimwendea mara mbili kumweleza kwamba kodi ya ghala, mshahara wa mlinzi wa usiku, gari la kuhamisha mzigo kutoka Nsemulwa kuja dukani, na mifuko inayoharibika, vyote vinakula faida. Mara zote mbili Yustina alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Elias hakuwahi kukosa saruji, Leticia." Maongezi yakaishia hapo.

* * *

Prisila alipoondoka, Leticia aliacha duka kwa karani, akapanda bajaji kwenda Nsemulwa. Alimkuta Obadia anafagia mlango wa ghala.

"Kaka Obadia, ile mifuko sita iliyokwenda Kabungu ulitoa safu ipi?"

"Ya nyuma, dada. Si wewe mwenyewe ulisema tuanze na ya zamani?" Aliegemeza fagio ukutani. "Imeharibika?"

"Mawe."

Obadia hakushangaa. Aliwasha tochi, wakaingia. Mbele kulikuwa na mifuko ya mwezi wa kumi, imepangwa vizuri juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta, kama inavyotakiwa. Kilichowashinda ni wingi. Ghala lilikuwa limejazwa mpaka njia ya kufika nyuma imebaki upana wa mtu mmoja, na huko nyuma mifuko mingine ilikuwa ya mwaka juzi. Kila usiku wa mvua, bati lilitoa jasho, na unyevu ukashuka kwenye karatasi za mifuko. Saruji ni kitu cha miezi mitatu; baada ya hapo nguvu inaanza kupungua, na ikikaa kwenye unyevu inajifunga yenyewe kabla haijafika kwa fundi. Walipita wakibonyeza mfuko mmoja mmoja, Leticia huku, Obadia kule. Kila ulipogoma kubonyea, Obadia aliuchora msalaba kwa chaki. Hadi wanafika mwisho wa safu, chaki ilikuwa imekwisha.

"Nilikuambia bati linavuja jasho," Obadia akasema.

"Uliniambia. Na mimi nilimwambia mama."

Obadia akazima tochi. Kisha Leticia akatoka nje na kumpigia simu Yustina. Hakumweleza habari ya gharama. Alimweleza habari ya kaburi.

"Huyo binti anakaa Kabungu sehemu gani?" Yustina akauliza.

"Nina namba yake."

"Mwambie tunakwenda kesho. Tafuta saruji nzima, hata kama ni kwa Fabiani, ununue."

Fabiani ndiye alikuwa mshindani wao mkubwa, duka lake lilitazamana na lao ng'ambo ya barabara. Leticia hakuwahi kuvuka barabara ile kununua kitu. Siku ile alivuka, akanunua mifuko saba kwa bei ya rejareja, na Fabiani, kwa heshima yake, hakuuliza kitu.

* * *

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, pembeni ya shamba la mihogo. Prisila aliwapokea bila maneno mengi, akawaletea viti. Yustina hakukaa. Alivua viatu, akasimama mbele ya lile tuta la udongo ambalo mvua ya mwisho ilikuwa imelibomoa upande mmoja, akasali kimoyomoyo. Fundi aliitwa, mfuko ukafunguliwa. Saruji ilimiminika laini kama unga wa muhogo.

"Mnisamehe," Yustina alimwambia Prisila. "Duka ni la mume wangu. Na yeye kalala kaburi kama hili, mimi mwenyewe nililijengea. Ningefungua mfuko nikakuta mawe siku ile, sijui ningefanya nini."

Prisila akaanza kulia, ndipo na wao wakakaa.

Walishinda pale mpaka fundi alipomaliza kumimina jamvi la zege juu ya kaburi. Njiani, gari likiacha vumbi nyuma, Yustina alikuwa anaangalia dirishani muda wote. Walipokaribia mjini ndipo aliposema.

"Hivi nilikuwa nalinda nini, Leticia?"

Lile halikuwa swali la kujibiwa na mfanyakazi.

"Waandikie hao wa Tabora. Sema unavyoona wewe. Nitasaini."

* * *

Barua ilimchukua Leticia siku tatu, na si kwa sababu ya maneno. Alijua kwamba mzigo ukija kidogo kidogo, stoo ndogo iliyo nyuma ya duka ingeutosha. Ghala la Nsemulwa lingefungwa, na ghala likifungwa, Obadia hana kazi. Angeweza kuituma barua kwanza, akamwambia baadaye, kama mabosi wengi wanavyofanya. Jioni ya siku ya pili alikwenda nyumbani kwa Obadia.

Alimkuta uani na mkewe wanapukuchua mahindi. Mke akaleta kigoda, akawaachia nafasi.

"Kaka, nakuja na jambo gumu," Leticia akaanza, na akalisema lote kwa mara moja. Alimwambia mkataba wa ghala unaisha mwezi wa tisa, hautaongezwa. Mama Yustina ameahidi stahiki zake zote za miaka ile. Kazi nyingine ya kudumu, hana ya kumwahidi.

Obadia aliendelea kupukuchua. Gunzi la kwanza likaisha, akachukua la pili.

"Miaka yote hiyo," akasema hatimaye, "hakuna mwizi aliyepitisha hata mfuko mmoja kwangu."

"Najua."

"Mifuko imekufa kwa sababu mlileta mingi. Sasa mnapunguza mifuko, mnanipunguza na mimi."

"Si kosa lako, kaka."

"Mimi sijauliza kosa la nani, Leticia." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita bila kumwongezea dada. "Nenda. Mahindi yananingoja."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Watoto walimwuliza kama anaumwa, akasema amechoka. Kesho yake akamaliza barua, akaichapa dukani, Yustina akaisoma mara mbili kama anasahihisha insha, akasaini chini ya saini ya Leticia.

*Mkuu wa Mauzo,*
*Tabora.*

*YAH: MAOMBI YA KULETEWA SARUJI KWA MAFUNGU MADOGO NA MARA KWA MARA*

*Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.*

*Duka letu limekuwa mteja wenu tangu enzi za marehemu Elias. Kwa miaka yote tumekuwa tukiagiza mara tatu kwa mwaka, matrela mawili kwa mpigo. Utaratibu huo ulitufaa wakati barabara ilikuwa haipitiki. Leo unatuumiza. Tunalipia ghala ambalo nusu ya mwaka linatunza mzigo usiouzika, na mwaka huu sehemu ya saruji imeganda ghalani na hatuwezi kuiuza tena.*

*Tunaomba mzigo uje kila baada ya wiki mbili: mifuko mia moja wakati wa mvua, na mia moja themanini kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi, ambapo ujenzi ni mwingi. Kwa mwaka mzima jumla haitapungua ile tunayonunua sasa, na tuko tayari kusaini makubaliano ya mwaka kuhusu kiasi hicho, ili bei yetu ya jumla isibadilike. Oda tutaithibitisha siku tano kabla ya gari kupakia, na malipo tutafanya kwa kila mzigo unapopokelewa, badala ya kusubiri siku thelathini.*

*Tunatambua kwamba safari ya mzigo mdogo inaweza kuwaongezea gharama ya usafiri. Tunaomba mtueleze ni siku zipi magari yenu huwa yanakuja Mpanda, ili tupange kulingana na safari zenu badala ya kuwadai safari mpya. Tunaomba pia mifuko iwe na tarehe ya kutengenezwa isiyozidi mwezi mmoja.*

*Wenu katika biashara,*
*Leticia, Meneja.*
*Yustina, Mmiliki.*

* * *

Jibu lilikuja kwa simu, siku ya nne. Mkuu wa mauzo wa Tabora, kijana aitwaye Danford, alikuwa na sauti ya mtu anayehesabu huku anaongea.

"Mama, barua yako nimeisoma vizuri. Kulipa papo hapo na kusaini kiasi cha mwaka, hilo nimelipenda. Lakini trela langu linabeba mifuko mia sita. Siwezi kulitoa Tabora kuja kushusha mia moja. Mafuta yananila."

"Inyonga si mnapeleka?"

"Napeleka. Inyonga nashusha mia tatu na hamsini. Nikipata mia mbili na hamsini Mpanda, gari limejaa, nakuja kila wiki mbili siku ya Jumanne bila wewe kuongeza hata shilingi. Nikikosa, itabidi nikuongezee kwa kila mfuko."

"Kwa hiyo nitafute mia na hamsini za mvua, na sabini za kiangazi."

"Ndiyo hivyo, mama."

Leticia alikata simu, akaangalia ng'ambo ya barabara. Kule nako, alijua, kulikuwa na stoo imefurika na bati linalotoa jasho. Akavuka kwa mara ya pili mwaka ule.

Fabiani alimsikiliza akiwa anapimia mtu rangi. Mteja alipotoka, akafuta mikono kwa kitambaa. "Yaani nyie na sisi tupande gari moja?"

"Gari moja, risiti mbili. Kila mtu na oda yake na bei yake. Sikuulizi unauza kwa ngapi, na wewe usiniulize."

"Na siku gari lisipokuja?"

"Tutakosa wote."

Fabiani alicheka, lakini si kwa dharau. "Marehemu Elias angekufukuza kazi."

"Pengine," Leticia akasema. "Ila yeye ndiye aliyesema mwakani tubadilishe."

Ilichukua wiki moja Fabiani kukubali. Mwezi wa tano ukaisha, gari la kwanza likaja. Saruji ya zamani iliyochorwa msalaba ilipondwapondwa, ikapelekwa kufukia mashimo ya njia ya kuingia ghalani. Mwezi wa tisa Obadia alilipwa stahiki zake, akasaini, akaweka funguo juu ya meza ya Leticia na kuondoka. Walisikia baadaye kwamba amekwenda shambani kwa ndugu zake, upande wa Kabungu.

* * *

Kiangazi kilipita salama, na Leticia akaanza kulala vizuri. Mvua za kwanza zilipoanza, mwezi wa kumi na moja mwishoni, Jumanne moja gari halikufika.

Danford alipiga simu saa tano: trela limekatika springi porini, kabla ya Inyonga, fundi anatoka Tabora na kipuri. Leticia hakuwa na hofu sana. Stoo ya nyuma ilikuwa na mifuko hamsini. Lakini mvua ilikuwa imenyesha mapema, na watu waliokuwa wanakimbiza kumaliza misingi kabla haijachanganya walikuja kwa wingi. Jumatano jioni ikabaki mifuko minne. Alhamisi asubuhi hakuna. Ng'ambo ya barabara, Fabiani naye alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni.

Mafundi walikuja, wakaondoka. Mmoja, aliyekuwa mteja tangu siku za chumba kimoja, alisema kwa sauti ili watu wasikie, "Duka la Elias limekosa saruji! Hii sijawahi kuiona."

Saa kumi Yustina alikuja. Aliingia, akaangalia stoo tupu, akaketi kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani. Leticia alisubiri asikie jina la marehemu.

"Ni muda gani gari litafika?"

"Wanasema usiku, au kesho asubuhi. Mama, kosa ni langu. Nilipanga akiba ya wiki moja. Ilitakiwa iwe ya siku kumi, na wakati wa kuanza mvua hata zaidi."

"Sawa. Basi panga siku kumi." Yustina aliweka mkoba pembeni. Mvua ilikuwa inapiga bati. "Nimekaa nyumbani asubuhi yote nikijiambia niende nikamwambie Leticia turudishe ghala. Nimefika mpaka njiani. Halafu nikamkumbuka yule binti, na fundi akiponda yale mawe." Akainuka. "Kukosa siku moja mbili kunaumiza. Ila kukosa ni kukosa, si kumdanganya mtu. Elias nitamweleza mwenyewe."

Alitoka na mwavuli wake. Leticia alibaki ameshika meza, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya Elias akamlilia, polepole, karani akijifanya anapanga misumari.

Gari lilifika Ijumaa asubuhi, mvua bado inanyesha. Hapo kukawa na tatizo jingine: vibarua wa kushusha walikuwa wachache, na hawa walitaka kushusha mbiombio wakimbilie kwingine, mifuko wazi chini ya mvua. Mmoja ameshaupiga mfuko begani, matone yanaulowesha, Leticia anafoka, dereva anafoka.

"Shusha huo! Rudisha juu!"

Sauti haikuwa ya Leticia. Obadia alikuwa amesimama kando ya trela, koti la mvua la nailoni limemganda mwilini, baiskeli yake imeegemezwa ukutani kwa Fabiani. Alikuwa amekuja mjini kuuza kuku. Hakumtazama Leticia. Alipanda juu ya trela, akavuta turubai mpaka likaunganika na kibaraza cha duka, akafunga kamba, akafanya njia kavu. Kisha akawapanga vibarua wawili wawili, mfuko kutoka mkono hadi mkono, wa duka hili huku, wa Fabiani kule, na hakuna mwingine uliolowa. Kufika saa saba, gari lilikuwa tupu.

Leticia alimpelekea chai kwenye kikombe cha bati. Obadia alikaa kwenye ngazi, akaipokea.

"Nani anakushushieni siku hizi?" akauliza.

"Yeyote anayepatikana."

"Naona."

Fabiani alikuwa amevuka barabara, amesimama karibu nao chini ya turubai. Yeye ndiye aliyesema kile ambacho Leticia aliona aibu kukisema. "Kaka, kila Jumanne ya gari, sisi wawili tukulipe usimamie ushushaji na upangaji wa stoo zetu zote mbili. Si mshahara ule wa zamani, najua. Ni siku chache kwa mwezi."

Obadia alikunywa chai yake. Leticia alisubiri jibu kwa moyo wa mtu anayesubiri matokeo ya hospitali.

"Shamba nimeshalima," Obadia akasema. "Siliachi. Hizo Jumanne nitakuja." Kisha akamgeukia Leticia. "Ila usidhani nimesahau, dada. Nilikuwa na kazi, sasa nina kibarua. Ni vitu viwili."

"Sidhani umesahau."

"Lakini ulikuja mpaka kwangu ukaniambia kwa mdomo wako. Mke wangu anasema nikumbuke na hilo pia."

Alirudisha kikombe, akaenda kuchukua baiskeli yake.

Mwezi wa kwanza Leticia aliandika barua nyingine kwenda Tabora, fupi, kuomba wakati wa kuanza mvua fungu liongezwe kutoka mia moja hadi mia moja thelathini, na kumwomba Danford apige simu gari linapopita Ipole, katikati ya njia, si linapokwama. Danford alikubali yote mawili. Ghala la Nsemulwa lilikodishwa kwa watu wa mpunga. Faida ya duka haikupaa kama watu wa mjini walivyosema, lakini ilirudi kuwa faida. Yustina alitoa sehemu yake ya kwanza ya faida akaezeka upya nyumba ya mama yake Karema, na Leticia akampeleka mtoto wake mkubwa chuo cha ufundi.

Obadia huja kila Jumanne ya gari. Akifika humsalimia Leticia, humwuliza habari za watoto, halafu huingia stoo na kuanza kubonyeza mifuko, mmoja mmoja, kabla ya mtu yeyote kuuza kitu.